Chanjo ya sigara ilikwama wapi?

Shemeji yangu anaendesha lori kutoka Arua kwenda Koboko, na mizigo ikiwepo huvuka mpaka hadi Yei na Juba. Anavuta sigara 15 kwa siku, nyingine zikiwa za kununua moja moja kando ya barabara, ingawa sheria ya Uganda ya mwaka 2015 imekataza kuziuza hivyo. Kipindi kile cha chanjo ya korona alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya, bado amebana pamba mkononi, akaniita.

"Shemeji, nyinyi watu wa maabara, mbona hamjatutengenezea na ya sigara? Mtu achomwe, akivuta asisikie kitu."

Nikamwambia ilishatengenezwa, tena zaidi ya moja, na watu maelfu wakachomwa, haikufaa. Akashangaa. "Haikufaa vipi? Kwani sigara nayo hugeuka geuka kama kirusi?"

Siku ile nilikuwa na foleni ya watu mlangoni, nikamjibu kwa mkato. Jibu lenyewe ni refu, na sehemu yake kubwa ni hesabu ya kawaida ambayo dereva anayejua kupima mzigo anaweza kuifuata.

Nianzie shambani, maana huku kwetu West Nile tumbaku tuliijua kabla ya sigara. Nilipokuwa mtoto tulimsaidia mjomba kuchuma majani asubuhi na mapema, umande ukiwa bado haujakauka. Kufika saa nne mmoja wetu anatapika, mwingine kichwa kinamzunguka, na mjomba anasema ni njaa. Haikuwa njaa. Nikotini huyeyuka kwenye maji ya umande ikapenya ngozi, na mtoto anayebeba majani mabichi kifuani anaweza kupokea nikotini nyingi kuliko mvutaji mgeni. Jambo la ajabu ni kwamba mwaka uliofuata tulitapika tena, na mwaka uliofuata tena. Surua ukiugua mara moja, mwili unaikumbuka maisha yako yote. Nikotini iliingia damuni mwetu msimu baada ya msimu, wala mwili haukujifunza kuipiga vita.

Sababu ni udogo wake. Kinga ya mwili hutambua vitu vikubwa: ganda la kirusi, protini ya bakteria. Molekuli ya nikotini ina uzito wa 162 kwa kipimo cha wanakemia, ilhali kingamwili, yaani ile protini ambayo mwili hutengeneza ili ikamate adui, ina uzito wa kama 150,000. Kitu kidogo namna hiyo hupita mbele ya askari wa kinga bila kuonekana. Ndiyo maana mtu anaweza kuvuta miaka 40 asiwe na kingamwili za maana dhidi ya nikotini.

Hila waliyoitumia watafiti ni kuining'iniza nikotini juu ya kitu ambacho kinga haiwezi kukosa kukiona. Kampuni ya Nabi ya Marekani ilichukua molekuli ya nikotini, ikaiongezea kijimkia cha kushikia, ikaibandika kwenye protini ya bakteria aina ya Pseudomonas aeruginosa, bakteria ambao watu wa wodi ya majeraha ya moto wanawafahamu vizuri. Protini hiyo ilikuwa imebadilishwa isiwe sumu. Ikachanganywa na chumvi ya alumini, ambayo hutumika kwenye chanjo nyingi kuiamsha kinga. Mwili ukiona protini ngeni unashtuka, unaanza kutengeneza kingamwili, na baadhi ya hizo zinajifunza umbo la nikotini iliyoning'inia pale. Chanjo hiyo iliitwa NicVAX, nayo ndiyo iliyofika mbali kuliko zote, kwa hiyo nitashikamana nayo.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na sipendi wanaolidharau leo kwa kuwa matokeo yanajulikana. Ukivuta pafu moja, nikotini hutoka mapafuni ikafika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20. Ule upesi ndio unaofunga ndoa kati ya mkono, moshi na raha. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta ambao nikotini huupenya kirahisi kwa udogo wake. Kingamwili haiupenyi. Basi nikotini iliyokamatwa na kingamwili inabaki upande wa damu, ubongo haupati kitu, raha haiji, na sigara inageuka kuwa moshi tu. Dawa nyingine zote za kuacha sigara huingia ubongoni na kuchezea mitambo ya humo ndani. Hii ilikuwa ya kwanza kumzuia adui mlangoni bila kugusa ubongo hata kidogo, na sindano zake chache zingetosha miezi kadhaa. Kwa dereva anayelala Koboko leo na kesho Juba, dawa isiyohitaji kumezwa kila siku si jambo dogo.

Sasa tuingie kwenye hesabu.

Mtu mzima ana kama lita 3 za majimaji ya damu, ukiondoa chembe zenyewe. Tuseme amechanjwa na ameitikia vizuri, ana maikrogramu 40 za kingamwili za nikotini katika kila mililita. Zidisha kwa lita 3, unapata miligramu 120. Inasikika nyingi. Lakini kumbuka kingamwili moja ni nzito kuliko nikotini moja karibu mara 900, na ina mikono miwili tu ya kukamatia, kila mkono nikotini moja. Gawanya 120 kwa 900, zidisha kwa 2: unapata robo ya miligramu ya nikotini, na ziada kidogo sana. Kingamwili nyingine zimetapakaa nje ya mishipa, kwenye majimaji ya mwili, kwa hiyo tuwe wakarimu tuongeze mara mbili. Nusu miligramu.

Sigara moja humwingizia mvutaji kama miligramu 1.

Yaani kingamwili zote za mtu aliyeitikia vizuri, zikiwa tupu asubuhi, hazitoshi kubeba nikotini ya sigara moja. Shemeji anavuta 15. Tena mkono ulioshika nikotini haujaiharibu, umeishika tu. Ini ndilo linalovunja nikotini, na ini haliwezi kuifikia ikiwa imekumbatiwa. Ni lazima ifunguliwe kwanza, ielee, ndipo ivunjwe. Kwa hiyo mvutaji anapowasha ya pili nusu saa baadaye, mikono mingi bado imeshika mzigo wa ile ya kwanza. Shemeji mwenyewe alilipatia mfano nilipomweleza baadaye: ni kama kizuizi cha barabarani chenye askari wawili na malori 50 yamepanga foleni. Watakagua mawili, mengine yatapita.

Mtu makini atauliza: kama hesabu ni rahisi hivi, kwa nini waliendelea? Ni kwa sababu hesabu hiyo haisemi yote. Panya waliochanjwa walipopewa nikotini ya kiasi kinacholingana na sigara moja au mbili za binadamu, kiasi kilichofika ubongoni katika dakika za mwanzo kilipungua sana, katika majaribio mengine kwa nusu na zaidi, hata pale nikotini ilipozidi idadi ya mikono ya kukamatia. Kingamwili ziko damuni, na damu ndiyo njia ya kwanza ambayo nikotini inapita, hivyo zinaiwahi kabla haijatawanyika. Zinaichelewesha, na katika uraibu kuchelewa ni jambo kubwa: bandiko la nikotini la ngozini linaingiza nikotini hiyo hiyo, ila kwa uvivu wa saa nyingi, na ni nadra sana kusikia mtu amekuwa mtumwa wa bandiko. Panya waliochanjwa walipunguza hata kubonyeza kile kitufe cha kujipatia nikotini. Ukiwa na matokeo ya namna hiyo mezani, si ujinga kwenda kwa binadamu.

Tatizo ni kwamba binadamu wana ubongo unaotosheka na kidogo sana. Mwaka 2006 watafiti wa Los Angeles walipiga picha za ubongo wa wavutaji, wakihesabu vipokezi vya nikotini, ile milango ambayo nikotini huingia na kuufungua ubongo. Pafu 1 au 2 tu zilikuwa zimekalia nusu ya vipokezi hivyo, na vilibaki vimekaliwa kwa saa 3 hivi. Sigara nzima ilikalia asilimia 88. Soma tena hapo: pafu mbili, nusu. Sigara nzima huleta nikotini ya ziada ambayo ubongo karibu hauna pa kuiweka. Ukimzuilia mtu nusu ya nikotini ya sigara moja, bado inabaki ya kutosha kujaza vipokezi karibu vyote.

Na chanjo yenyewe ilizuia kiasi gani? Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale lilipiga picha za ubongo za wavutaji wachache kabla na baada ya kuchanjwa NicVAX, likachapisha matokeo mwaka 2013. Nikotini iliyofika kwenye vipokezi ilipungua kwa asilimia 12.5. Chanjo ilikuwa inafanya kazi, hilo halina ubishi, kingamwili zilishika nikotini kama zilivyoagizwa. Ila 12.5 kutoka kwenye kitu kilichozidi ni sawa na kumpunguzia mlevi kikombe kimoja kwenye pipa.

Lakini picha hizo zilichapishwa baada ya majaribio makubwa kwisha. Ni nini basi kiliwapa watu moyo wa kutumia mamilioni ya dola? Hapa ndipo penye funzo ambalo linanikera zaidi, kwa sababu kosa lake unaweza kulikuta katika ripoti ya afya ya wilaya yoyote.

Jaribio la awamu ya pili la NicVAX lilikuwa na wavutaji 301. Wapatao 201 walipewa chanjo, kwa dozi na ratiba tofauti, na 100 walipewa sindano tupu isiyo na chanjo, wenyewe wasijue ni ipi. Sindano zilikuwa 4 au 5 ndani ya miezi 6. Walioacha hawakuaminiwa kwa maneno tu: walipuliza kwenye mashine inayopima hewa ya kabonimonoksidi, ambayo mvutaji hawezi kuificha. Ukichukua wote waliochanjwa kwa pamoja, tofauti na wenzao haikuwa ya kushangilia. Watafiti wakatenga wale walioitikia kwa nguvu zaidi, karibu theluthi ya juu ya kingamwili, watu 61. Kati yao asilimia 24.6 walikaa wiki 8 mfululizo bila kuvuta, kuanzia wiki ya 19 hadi ya 26. Kwenye sindano tupu ilikuwa asilimia 12. Mara mbili! Na kundi lililopewa dozi kubwa, maikrogramu 400 mara 5, nalo lilionekana kufanya vizuri kuliko sindano tupu.

Zigeuze asilimia ziwe watu. Asilimia 24.6 ya 61 ni watu 15. Asilimia 12 ya 100 ni watu 12. Wangeteleza watano tu kati ya wale 15, wamevuta moja kwenye harusi wakanaswa na kipimo, asilimia ingeshuka hadi 16 na habari yote ingekuwa nyingine.

Hata hivyo uchache si kosa lenyewe. Kosa liko kwenye kulinganisha. Fikiria shule mbili, moja inagawa uji na nyingine haigawi. Unataka kujua kama uji unafaulisha. Unachukua watoto wa shule ya kwanza waliokunywa uji siku nyingi kuliko wenzao, theluthi ya juu, unalinganisha alama zao na za watoto wote wa shule ya pili. Wanywaji uji wanashinda. Lakini ni nani hunywa uji siku nyingi? Ni mtoto anayefika shuleni kila siku, asiyeumwa, ambaye kwao hawamtumi sokoni. Angefaulu hata kwa maji matupu. Katika shule ya pili nao wapo watoto wa namna hiyo hiyo, ila wamechanganyika na wenzao, na huwezi kuwachambua kwa kuwa hakuna uji wa kuwapima.

Ndivyo ilivyo kwa kingamwili. Anayepata nyingi ni yule aliyefika kwa kila sindano bila kukosa, na pengine mwili wake una afya zaidi. Mtu anayetimiza miadi yote ya kliniki ndiye yule yule mwenye nia ya kuacha. Katika kundi la sindano tupu watu hao wamo pia, lakini hawajulikani, maana hawana kingamwili za kuwatambulisha. Kwa hiyo ulipotenga theluthi ya juu, huenda ulitenga wenye nia na si wenye kinga. Majaribio hugawa watu kwa bahati nasibu kusudi kuzuia jambo hili, na ukishachambua watu kwa kitu kilichotokea baada ya mgawo, umeitupa ile bahati nasibu dirishani.

Walionaswa si Nabi peke yao. Kampuni ya Uswisi ya Cytos ilikuwa na chanjo iliyobandika nikotini kwenye ganda tupu la kirusi kinachoshambulia bakteria. Mwaka 2008 ilichapisha jaribio la wavutaji 341: kwa jumla hakuna tofauti ya maana, lakini theluthi ya juu ya kingamwili asilimia 57 waliacha, dhidi ya 31 kwenye sindano tupu. Kampuni kubwa ya dawa ya Novartis ilikuwa imeshachukua haki za chanjo hiyo. Mwaka 2009 jaribio lililofuata likaonyesha haikusaidia. Dalili ilikuwa hapo mezani kwa yeyote aliyetaka kuiona, lakini kila mmoja aliisoma kwa namna moja: kingamwili zikiwa nyingi zaidi itafaa, basi tuongeze dozi.

Nabi wakaongeza. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia uraibu ikatoa ruzuku ya dola milioni 10, na kampuni ya GlaxoSmithKline ikatoa dola milioni 40 za kushikia nafasi. Awamu ya tatu ilikuwa na majaribio mawili, kila moja likiwa na wavutaji kama 1,000. Safari hii sindano zilikuwa 6, na watu waliambiwa waache kwenye wiki ya 14, kingamwili zikiwa zimeshapanda. Julai 2011 matokeo ya la kwanza yakatoka. Baada ya mwaka mmoja, walioacha upande wa chanjo walikuwa kama asilimia 11. Upande wa sindano tupu, kama asilimia 11. Novemba mwaka huo huo la pili likasema vile vile. Mwaka uliofuata Nabi ikaungana na kampuni nyingine, na NicVAX ikaishia hapo.

Hiyo asilimia 11 ya sindano tupu isikupite. Ni watu walioacha kwa kuja kliniki, kupimwa pumzi na kuongea na mtu kuhusu sigara yao, bila dawa yoyote. Chanjo haikuongeza hata mmoja juu yao.

Baadaye kemia nayo ilitoa siri moja ambayo huku kwetu ningeieleza kwa ndara. Molekuli nyingi huwa na umbo la kushoto na la kulia, sawa kwa kila kitu lakini haziingiliani, kama ndara mbili za jozi moja. Nikotini ya jani la tumbaku karibu yote ni ya upande mmoja. Ile iliyobandikwa kwenye NicVAX ilikuwa mchanganyiko, nusu kushoto nusu kulia. Mwili ukaenda kutengeneza kingamwili za pande zote mbili, na sehemu ya jeshi ikabaki inasubiri adui ambaye haji. Watafiti walipojaribu kwa wanyama chanjo yenye upande sahihi peke yake, kingamwili zilikuwa bora zaidi. Pamoja na hilo, ukirudi kwenye hesabu yetu ya lita 3, kuzifanya mara mbili hukufikishi mbali: umetoka nusu miligramu ukafika moja. Sigara moja kati ya 15.

Wako waliosema tatizo ni kuiacha chanjo peke yake. Uholanzi waliichanganya NicVAX na varenisilini, kidonge ambacho kinajulikana kusaidia, wakawapa wavutaji 558, nusu wakipata chanjo halisi na nusu tupu, wote wakimeza kidonge. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, na baada ya mwaka pande zote mbili zilikuwa karibu sawa. Na chanjo nyingine, Niccine, iliyotumia protini ya pepopunda, ilijaribiwa kwa watu waliokuwa wanaacha, ili kuzuia wasirudi. Nayo haikuzuia.

Hapa ndipo nilipomrudia shemeji, jioni moja lori likiwa gereji. Nilimuuliza: sigara ya kwanza ya asubuhi, unaivutia raha? Akafikiri. "Raha? Ile ya asubuhi ni ya kutuliza. Nisipoipata nina arosto, mikono inatetemeka kwenye usukani, nagombana na turniboi bila sababu."

Ndilo neno lenyewe, arosto. Chanjo ya nikotini, hata ile kamilifu ambayo hatujaipata, inazuia raha ya sigara unayovuta. Haina la kufanya kuhusu hali mbaya ya sigara usiyovuta. Mtu mwenye kingamwili nyingi akiacha leo, ubongo wake utadai nikotini kesho sawa na ubongo wa asiye nazo, maana damuni hakuna nikotini ya kukamata na kingamwili zimekaa bure. Bandiko na kidonge hupunguza ile kiu. Kingamwili zikiwa na nguvu kweli, kwa anayeendelea kuvuta zinaweza hata kuiharakisha. Halafu kuna mambo ambayo hakuna sindano inayoyagusa: chai ya rangi bila sigara, foleni ya forodha mpakani bila sigara. Panya wa maabara hana foleni ya forodha.

Wapo wanaoendelea. Njia moja ni kuachana na kuufundisha mwili, watengeneze kingamwili kiwandani, zote za umbo moja na zenye mshiko mkali, wazitie kwenye mshipa. Hiyo inaondoa tatizo la mtu kuitikia vizuri na mwingine vibaya, na huhitaji kusubiri wiki 14. Njia nyingine, kwa maoni yangu yenye akili zaidi, ni kimeng'enya kutoka kwa bakteria wa udongo, Pseudomonas putida, wanaokula nikotini kama chakula. Kimeng'enya hakishiki mzigo na kukaa nao. Kinauvunja, kinaachia, kinachukua mwingine. Hapo hesabu ya mikono miwili inavunjika. Shida ni kwamba kile cha asili kinafanya kazi polepole mno kwa damu ya binadamu, na ni protini ya bakteria, kwa hiyo kinga yenyewe inaweza kukigeukia. Wanakirekebisha.

Shemeji alitaka kujua kuhusu hizo za kiwandani. Zingehitajika kiasi gani kwake? Tukapiga hesabu nyuma ya risiti ya dizeli. Kukamata miligramu 1 ya nikotini yote unahitaji karibu nusu gramu ya kingamwili. Sigara 15, bila kuhesabu zinazovunjwa na ini katikati, ni gramu 7. Kingamwili zote za damu yake, za surua, pepopunda na kila kitu alichowahi kuugua tangu azaliwe, ni kama gramu 30. Nazo hizo za kiwandani huisha nusu kila baada ya wiki 3 hivi, kwa hiyo ni kurudia, tena kwa dripu, na dawa ikae kwenye baridi kutoka kiwandani hadi Arua.

Akaitazama ile risiti, akaikunja akaitia mfukoni.

"Kwa hiyo mzigo wa sigara naubeba mfukoni, na mzigo wa dawa yake unataka lori la friji."

Nikamwambia ndiyo, kwa sasa ni hivyo. Akaniuliza yale mabandiko ya ngozini yanauzwa duka gani la dawa hapa mjini, na kama yanabaki yameshika mtu akitoka jasho.